Mesaji ya wezi na mesaji ya msaada: namna kompyuta ilitupoteza

Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanamemba, Kasugho



Mulituomba tueleze ile kazi ya mesaji za simu: imefika wapi, na kwa nini tuliisimamisha kwa majuma matatu bila kutoa sababu. Sababu tutaitoa leo. Ni kosa letu, na mama mmoja wa shirika hili ndiye alilipa bei yake. Ametupa ruhusa ya kulisimulia, bila jina.

Mwanzo munaukumbuka. Watu waliporudi kutoka Butembo, kutoka Beni na kwingine walikokimbilia, msaada mwingi ulianza kupitia simu. Shirika fulani linaandika majina, halafu mesaji inakuja: umechaguliwa, njoo siku fulani, leta kadi na kode. Wezi nao waliona hiyo njia. Wakaanza kutuma za kwao: umechaguliwa, tuma kode yako, tuma franka kidogo za kufungua dosie. Watu wengine walituma. Ndipo komite ikatuuliza kama kompyuta ya ofisi inaweza kusaidia kupambanua.

Inaweza, kwa sehemu. Namna ya kuifanya si mpya. Hesabu yake inatoka kwa Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza ambaye maandishi yake juu ya hesabu hii yalitolewa mwaka 1763, yeye akiwa amekwisha kufa. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja, Paul Graham, aliandika namna ya kuitumia kwa kuchuja barua taka za kompyuta, na watu wengi wakaifuata. Wazo lake ni jepesi. Unaweka mesaji mbaya upande mmoja na nzuri upande mwingine. Kwa kila neno unahesabu: linatokea mara ngapi huku, mara ngapi kule? Mesaji mpya ikija, kila neno lake linavuta upande wake, na unaangalia ni wapi panashinda.

Mutauliza kwa nini hatukuchukua mesaji ambazo wengine walikwisha kuzipanga. Ziko. Kuna mkusanyo mmoja unaojulikana sana, wa mesaji 5574 za simu, na 747 kati yake ni mbaya. Lakini ni za Kiingereza, nyingi zimetoka Uingereza na Singapuri. Mwizi wa kule anaahidi zawadi za kule. Mwizi wa hapa anaandika Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, na anajua jina la lokalite yako. Ilibidi tutumie mesaji zenu wenyewe.

Basi mulileta simu zenu. Tuliandika mesaji moja moja. Jina lolote tulilifuta, na kila namba ya simu tuliiandika NAMBA tu. Kila mesaji watu wawili waliisoma, kila mmoja peke yake, na kuipa alama: ya wizi, au nzuri. Pale ambapo hawakukubaliana tulimpigia mwenye simu na kumuuliza ilikuwaje mwishoni.

Tukafanya jaribio la kwanza, na kompyuta ikakosa mesaji moja tu kwa 60. Tulifurahi sana. Siku hiyo hata soda tulikunywa.

Ilikuwa furaha ya bure. Kijana mmoja wa ofisi aliporudia kusoma karatasi aligundua kwamba mesaji moja ya bahati nasibu ilikuwa imeletwa na watu kumi na mmoja. Namba ya simu ndiyo iliyobadilika kila mara, na namba tulikuwa tumezifuta zote. Kwa hiyo mesaji ileile ilikuwa katika zile za kufundishia, na ilikuwa tena katika zile za kupimia. Ni kama mwalimu anayetoa mtihani wenye maswali yaleyale aliyoyafanya ubaoni jana yake. Mtoto akipata yote, bado hujui kama ameelewa.

Tulitoa zote zilizorudiwa, nakala moja tu ikabaki. Tukabaki na mesaji 260: nzuri 200, za wizi 60. Tuliweka 200 za kufundishia, ndani yake nzuri 150 na za wizi 50. Zile 60 zilizobaki, nzuri 50 na za wizi 10, tulizifungia pembeni, kompyuta isizione mpaka siku ya kupima.

Sasa tuwaonyeshe hesabu yenyewe, maana kosa letu limejificha ndani yake. Tuchukue mesaji hii, ambayo ni ya kweli, tumeifupisha tu: «Mama, umechaguliwa kupata msaada wa pesa. Njoo kesho na kadi na kode yako.» Tuangalie maneno manne: pesa, kode, umechaguliwa, kesho. Mengine tuyaache kando, hayakuvuta sana.

Neno «kode» lilikuwa katika mesaji 25 za wizi kati ya 50, na katika 18 nzuri kati ya 150. Kabla ya kugawanya tunaongeza 1 juu na 2 chini, na sababu tutaisema. Inakuwa 26 kwa 52, yaani nusu, na 19 kwa 152, yaani sehemu moja ya nane. Nusu ni mara 4 ya sehemu moja ya nane. Kwa hiyo «kode» inavuta kuelekea wizi kwa uzito wa 4. Kwa namna hiyohiyo «pesa» ilipata uzito wa 3. «Umechaguliwa» ilikuwa katika mesaji 12 za wizi na katika 3 tu nzuri, uzito wake ukawa 9,5. «Kesho» inavuta upande mwingine: wezi hawasemi kesho, wanataka sasa hivi. Uzito wake ni kama 0,23, na uzito ulio chini ya 1 unatetea mesaji.

Ile 1 tunayoongeza inasaidia kwa maneno kama «umeshinda». Hilo halikuonekana hata mara moja katika mesaji nzuri. Bila kuongeza chochote tungegawanya kwa sifuri, na neno moja tu lingehukumu mesaji nzima, hata kama ni mtoto wako anayekuuliza umeshinda namna gani.

Mwanzo wa hesabu ni 50 kwa 150, yaani 1 kwa 3, kwa sababu hivyo ndivyo mesaji zetu zilivyokuwa zimegawanyika. Halafu tunazidisha:

```
1/3 x 3 x 4 x 9,5 x 0,23 = 8,7
```

Maana yake, kompyuta inasema kuna karibu 9 dhidi ya 1 kwamba hii ni mesaji ya wizi. Mstari wetu wa kuamua ulikuwa 1. Chochote kilichopita 1 kilipewa alama ya HATARI.

Na ilikuwa mesaji ya kweli.

Turudi kwenye siku ya kupima. Kati ya mesaji 10 za wizi, kompyuta ilikamata 8. Kati ya 50 nzuri, ilishitaki 3 bure. Ukijumlisha, imejibu vizuri 55 kwa 60, karibu asilimia 92. Hiyo asilimia 92 ndiyo tuliyoiandika katika ripoti, na wafadhili waliisoma. Ni kweli kama hesabu. Lakini fikirini hivi: mtu asiye na kompyuta, anayejibu «nzuri» kwa kila mesaji bila hata kuisoma, angepata 50 kwa 60, yaani asilimia 83, na hangekamata mwizi hata mmoja. Hapo munaona namba hiyo moja inavyoweza kupendeza bila kusema mengi.

Kitu ambacho hatukufanya, na tulipaswa kukifanya jioni ileile, ni kuzisoma zile 3 zilizoshitakiwa bure. Tulizihesabu, hatukuzisoma. Kama tungezisoma tungeona kwamba zote 3 zilikuwa mesaji za msaada. Na katika zile 50 nzuri, za msaada zilikuwa 5 tu. Mesaji 45 za kawaida, za soko, za msiba, za watoto, kompyuta haikukosa hata moja. Za msaada ilikosa 3 kwa 5.

Tukaanza kuitumia. Munajua ilivyokuwa: mtu anakuja ofisini na simu, kijana anaandika mesaji katika kompyuta, jibu linatoka. Mama wetu alikuja na mesaji yake siku ya soko. Kompyuta ikasema HATARI. Alikuwa amekwisha kuibiwa mara moja, hakutaka ya pili, akaifuta palepale mbele yetu. Siku mbili baadaye majirani walikwenda kuhakikisha majina yao, na yeye hakwenda. Alipotuuliza hakuwa na hasira. Alisema tu: «Mie nilifuta kwa sababu ni nyinyi mulisema ni ya bezi.» Jina lake lilipofuatiliwa orodha ilikuwa imefungwa. Tulisimamisha kazi siku hiyo.

Katika yale majuma matatu tulikaa na karatasi. Tuliona mambo mawili.

La kwanza, katika mesaji 150 nzuri tulizofundishia, za msaada zilikuwa 6 tu. Watu walipoleta simu walituonyesha wizi, wakatuonyesha salamu. Mesaji ya msaada mtu haionyeshi ovyo. Na wengi, wakishapata kilichokuja, wanaifuta. Kwa hiyo kompyuta ilijua neno «umechaguliwa» karibu kutoka kwa wezi peke yao. Mwizi ndiye anaiga shirika, lakini kompyuta iliona shirika ndilo linaiga mwizi.

La pili ni udhaifu wa hesabu yenyewe. Inazidisha neno kwa neno kana kwamba kila moja ni shahidi anayejitegemea. Lakini «pesa», «kode» na «umechaguliwa» zinatembea pamoja. Ni mashahidi watatu wa nyumba moja, waliokula pamoja asubuhi na kupatana watakalosema. Mbele ya wazee wa kijiji wangehesabiwa kama shahidi mmoja na nusu. Kompyuta iliwahesabu watatu kamili. Ndiyo maana ile 9 dhidi ya 1 ilitoka kwa sauti kubwa hivyo. Mpaka leo tunawaambia vijana wa ofisi: jibu hili linaweza kupanga mesaji kutoka ya kutisha zaidi hadi ya kutisha kidogo, lakini musilichukue kama kipimo cha uhakika.

Wengine walituambia tupandishe tu mstari wa kuamua, kutoka 1 mpaka 20. Tulijaribu. Mesaji ya mama ilipita, na kati ya zile 3 zilizoshitakiwa bure ikabaki 1. Lakini wezi waliokamatwa walishuka kutoka 8 mpaka 6. Kuhamisha mstari kunabadilisha nani ataumia, na hilo si swali la kompyuta. Tulilileta mbele ya komite, na mulijadiliana kwa muda mrefu: kupoteza franka kwa mwizi, au kupoteza msaada ulioandikiwa? Hamukupatana, na tuliona hamukupatana kwa haki, maana mtu mwenye elfu tano tu katika simu hapimi sawa na yule aliye katika orodha.

Tulichofanya badala yake ni kazi ya miguu. Tulizunguka kwa mashirika yanayofanya kazi huku, tukaomba mesaji za zamani walizowahi kutuma. Tulipata 24 zilizo tofauti, tukaziongeza katika zile nzuri za kufundishia. Uzito wa «umechaguliwa» ukashuka kutoka 9,5 mpaka chini ya 3. Halafu tuliiambia kompyuta iangalie pia maneno mawili mawili yanayofuatana. Kwa neno moja moja, «kode» ni «kode». Kwa mawili, «tuma kode» ni ya wezi peke yao katika karatasi zetu, na «njoo na» ni ya mashirika. Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo: shirika linakuita uje na kitu chako mkononi, mwizi anataka kitu chako kije kwake. Tulikuwa tunalijua sisi sote, ila hatukuwa tumeipa kompyuta njia ya kuliona.

Kabla ya kuwaambia matokeo, tuseme juu ya wale wezi 2 waliopita siku ya kupima, kwa sababu mmoja wao hatutamkamata kamwe kwa njia hii.

Wa kwanza aliandika kifupi tu: ile pesa tuma kwa namba hii. Tanzania wanaijua sana hiyo. Haitaji zawadi wala kode. Inatumwa kwa watu wengi, ikimtafuta yule mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa anakaribia kumtumia mtu pesa. Maneno yake yote ni ya kila siku, kwa hiyo uzito wake ni mdogo.

Wa pili aliiga mesaji ya Kifaransa ya kuthibitisha kwamba umepokea pesa, mstari kwa mstari, kama zile za M-Pesa au Airtel Money. Halafu anapiga simu: samahani mama, nimekosea namba, nirudishie. Maandishi yake ni yaleyale ya kweli, na kompyuta inasoma maandishi tu. Haioni kwamba mesaji imetoka kwa namba ya mtu wa kawaida, wala haioni kwamba salio lako halikuongezeka. Dawa yake iko mkononi mwako: fungua menyu ya simu yako, angalia salio lenyewe, usiamini mesaji. Au mpelekee ajenti wa kabini unayemjua akusaidie kuangalia.

Sasa matokeo. Zile mesaji 60 tulizopimia mwanzoni hatukuzitumia tena, maana tulikwisha kuzisoma na kurekebisha kazi yetu tukiziangalia. Zilikuwa mtihani uliokwisha kufunguliwa. Tulingoja mpya 40 zije. Nzuri 34, kati yake 7 za msaada. Za wizi 6. Kompyuta ilikamata wizi 4 kwa 6. Mesaji za msaada zote 7 zilipita. Iliyoshitakiwa bure ni 1. Mesaji 6 za wizi ni chache mno kusema asilimia, na safari hii hatukuandika asilimia yoyote katika ripoti.

Kuna hesabu moja bado, nayo inawahusu ninyi wenye simu. Katika karatasi zetu za kwanza, mesaji moja kwa kila nne za kufundishia ilikuwa ya wizi, kwa sababu ndizo tulizozitafuta. Katika simu yako sivyo ilivyo. Tuseme kwa mfano katika mesaji 1000 za wizi ni 20. Kompyuta inayokamata 8 kwa 10 itakamata 16. Ikishitaki bure 3 kwa 50, katika zile 980 nzuri itashitaki kama 59. Utapata alama ya HATARI mara 75, na 16 tu ndizo za kweli, yaani moja kati ya karibu tano. Ndiyo sababu hatutakubali kuiweka katika simu za watu ifute mesaji yenyewe, hata kama mfadhili ataleta simu hizo bure.

Alama yenyewe tumeibadilisha. Haisemi tena HATARI. Inasema ULIZA KWANZA, na chini yake kuna kazi ambayo kijana wa ofisi lazima aifanye mtu akiwa bado amesimama pale. Kama mesaji inataja shirika, anapiga simu kwa mtu wa shirika hilo tunayemjua kwa sura, kwa namba iliyo ukutani, hapigi ile iliyo ndani ya mesaji. Kama inataja ndugu, anampigia ndugu kwa namba ya zamani. Hakuna mesaji inayofutwa mbele yetu. Tunaandika tarehe katika daftari, na jibu lililopatikana, ili lirudi kufundishia.

Ile moja iliyoshitakiwa bure, tuwaambie ilikuwa nini. Baba mmoja alileta mesaji kutoka namba asiyoijua: Baba, simu yangu iliharibika, tuma pesa ya minervali leo kwa namba hii, prefe anatufukuza. Kompyuta ikasema ULIZA KWANZA. Sisi wote wanne tuliokuwa ofisini tulikubaliana nayo, hata tulicheka kidogo, tukasema huyu mwizi hajatafuta maneno mapya. Baba akapiga namba ya mwanawe, haikupatikana. Tukatafuta namba ya mwenye nyumba anakolala, kule Butembo. Ikachukua karibu saa nzima, na mtandao munaujua. Mwishoni mwenye nyumba alimwita mtoto, tukasikia sauti yake. Alikuwa yeye, na kweli alikuwa amefukuzwa darasani asubuhi hiyo.